Kufuta doa bila kugusa weusi

"Nina madoa ya chunusi mashavuni, meusi kuliko uso wangu. Nataka yatoke, ila sitaki kuwa mweupe hata kidogo. Nipake nini?"

Wanaojibu swali hili hugawanyika pande mbili: wa haidrokwinoni na wa asidi ya azelaiki, zote mbili dawa za kupaka za kufifisha madoa. Niseme mapema kwamba mimi niko upande wa pili, ingawa wa kwanza wana hoja.

Haidrokwinoni imeharibiwa jina na mkorogo, na Tanzania imeipiga marufuku kwenye vipodozi. Lakini mikononi mwa daktari wa ngozi, kwa asilimia 4, ikipakwa miezi mitatu hivi kisha ikaachwa, hufifisha doa la juu juu haraka kuliko dawa nyingi za kupaka. Kinachoumiza watu mtaani ni kopo lisilojulikana lina kiasi gani, mara nyingi likiwa na steroidi kali au zebaki ndani, tena likitumika miaka. Matumizi marefu ya namna hiyo ndiyo huleta vile vidoa vya bluu-nyeusi vigumu kutoka, ambavyo madaktari wa Afrika Kusini walivieleza mwaka 1975. Kumwambia mtu kwamba dawa ya daktari na mkorogo ni kitu kimoja ni kumdanganya.

Hata hivyo kwa aliyeuliza swali hili haidrokwinoni ina kasoro: haichagui. Inapunguza rangi ya doa, na ya ngozi nzima iliyo jirani vilevile. Ukiipaka kwenye doa tu, ikasambaa kidogo pembeni, unapata kiduara cheupe kuzunguka doa, na doa linaonekana zaidi kuliko mwanzo. Ukikwepa hilo kwa kupaka shavu zima, shavu linaachana na shingo. Rangi hiyo kwa kawaida hurudi baada ya kuacha, lakini muuliza swali alisema "hata kidogo".

Asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 au 20, hulenga zaidi zile seli za rangi zilizochachamaa, na ngozi iliyotulia haiigusi sana. Ndiyo maana unaweza kuipaka shavu zima bila kuchora mipaka. Tena inatibu chunusi zenyewe, na kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, kwa sababu kufuta madoa huku chunusi mpya zikitoka ni kuteka maji kwa pakacha.

Ubaya wake ni kwamba inawasha, na ni ya polepole. Binti wa dada yangu aliianza kwa pupa, asubuhi na jioni tangu siku ya kwanza. Siku ya tano mashavu yalikuwa yamekauka, yanamchoma, yana wekundu uliofifia kuwa zambarau, maana wekundu kwenye ngozi nyeusi hauonekani kama kwenye picha za vitabuni. Ngozi nyeusi iliyochubuka hujibu kwa kutoa rangi zaidi, kwa hiyo dawa ya doa ilikuwa karibu kumletea doa. Aliacha wiki nzima, akapaka mafuta mazito tu. Kisha akaanza upya: kiasi cha punje ya njegere kwa uso wote, usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, kwa wiki mbili, halafu kila usiku.

Asubuhi alipaka kinga ya jua yenye rangi, ile ya kahawia. Hilo si urembo. Mwanga tunaouona kwa macho, mbali na ile miale ya jua isiyoonekana, nao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Oksidi za chuma zinazotia kinga hiyo rangi ndizo zinazouzuia, wakati kinga nyingi nyeupe hazifanyi hivyo vya kutosha, na zinaacha uso umepauka kama umepakwa majivu.

Tulimpiga picha kila baada ya wiki nne, dirisha lile lile, saa tatu asubuhi. Kipimo chetu kilikuwa ngozi iliyo upana wa kidole kutoka kwenye doa. Wengi hujilinganisha na sehemu nyeupe kuliko zote usoni, na hapo ndipo wanapopotea: uso mweusi hauna rangi moja. Paji la uso na pembe za mdomo kwa wengi vimekoza kidogo, na ukivilazimisha vifanane na mashavu, uso unakuwa bapa.

Wiki ya nane kingo za madoa zilianza kuyeyuka. Wiki ya kumi na sita mengi yalikuwa yamefanana na jirani zake, na shingo na uso bado ni rangi moja. Mawili yaliyo karibu na taya, yenye kijivu cha kuelekea bluu badala ya kahawia, hayakusogea. Rangi ya hayo imezama chini ya tabaka la juu la ngozi, ambako krimu ni vigumu kufika, na hufifia yenyewe kwa miezi mingi, pengine miaka. Alitaka kuongeza dawa kali. Nilimwambia ayaache kama yalivyo, na ameyaacha.