Wastani wa fidia unapopanda: nini hasa kimebadilika?

Wakurugenzi wa kampuni ya bima wanapopokea muhtasari wa madai wa robo mwaka, huanza kwa kutazama wastani wa fidia na siku za malipo, na hapo ndipo meneja wa madai anaweza kulaumiwa kwa kazi njema.

Tuchukue mfano wa kubuni wa bima ya magari nchini Kenya, yenye magari 4,000 katika kila robo. Robo ya kwanza yaliripotiwa madai 200, yaani matano kwa kila magari mia. 150 kati yake, mengi ya bampa na taa, yalilipwa kwa wastani wa shilingi 120,000 ndani ya siku 20. Majalada 50 mazito yalibaki. Robo ya pili yaliripotiwa madai 160, yakalipwa madogo 120 kwa wastani uleule na kwa siku zilezile, pamoja na majalada 30 ya zamani, kila moja shilingi 500,000 baada ya siku 110. Wastani wa malipo unaruka hadi shilingi 196,000 na muda hadi siku 38, ingawa ajali hazijawa kubwa zaidi, na idadi ya madai imeshuka hadi manne kwa kila magari mia. Kilichobadilika ni kwamba viporo vimeguswa. Meneja ambaye angeyaacha majalada hayo kabatini angeonekana hodari.

Kwa sababu hiyo baadhi ya mameneja hupendelea kuripoti gharama yote ya madai kwa robo yalimoripotiwa, wakijumlisha kilicholipwa na makadirio ya majalada yaliyo wazi. Hoja yao ina nguvu, lakini mkurugenzi naye ana haki ya kusita, maana malipo huthibitishwa na benki, ilhali makadirio huandikwa na idara ileile inayopimwa. Mimi ningekubali makadirio kwa sharti moja: majalada 30 yaliyofungwa yaonyeshe yalikadiriwa kiasi gani kabla ya kulipwa. Kama yalikadiriwa shilingi 400,000 kila moja, makadirio ya yale 20 yaliyobaki huenda nayo ni pungufu.

Kuhusu ucheleweshaji, mabishano ni saa ianze kuhesabiwa lini. Idara hupenda kuanza siku nyaraka zinapokamilika, na si hila tupu, kwa kuwa ripoti ya polisi iliyokawia haimo mikononi mwake. Hata hivyo mteja huhesabu tangu aliporipoti, na Sheria ya Bima ya Kenya, kifungu cha 203, nayo huhesabu siku 90 za kulipa dai tangu siku hiyo. Muhtasari ubebe hesabu zote mbili, na kando yake umri wa yale majalada 20, kwa kuwa wastani wa yaliyolipwa hauwezi kamwe kuonyesha dai ambalo bado halijalipwa.