Wafuasi elfu tisini, na hakuna anayeuliza bei

Dada yangu anauza madera Kariakoo. Siku moja alinitumia ukurasa wa Instagram wa binti mmoja wa mambo ya mavazi, wafuasi 92,000, akaandika chini yake: "Mdogo wangu, huyu anataka laki tatu na nusu kwa posti moja na stori mbili. Nimlipe?" Nikamwambia asubiri, nitapita dukani jioni tuukague pamoja. Nilikuwa nimeshapitia komenti za ukurasa ule na kuna kitu nilikikosa. Hakuna aliyeuliza bei.

Anayeuza mtandaoni hapa kwetu ataelewa kwa nini hilo lilinishtua. Weka picha ya dera mbele ya Watanzania mia moja wa kweli, utaulizwa bei hata kama umeiandika kwenye picha yenyewe kwa herufi nyekundu. Utaulizwa mpo wapi, mnatuma Mbeya, kuna la mama mnene. Atatokea na mmoja wa kulalamika kwamba alilipa Jumanne na mzigo hajauona. Kwa binti yule kulikuwa na "Umetisha", "Noma sana", "Moto", na mikono ya kupiga makofi. Tena alikuwa ameposti tanzia, amefiwa na bibi yake, na chini yake mtu kaandika "Umependeza mpenzi."

Serikali iliwahi kuwasaka wafanyakazi hewa. Hawa nawaita wafuasi hewa, na kuwatafuta hakuhitaji mtambo.

Tulianza na orodha ya wafuasi. Instagram hukutangulizia watu unaofahamiana nao, kwa hiyo wale wa juu hawakuambii kitu. Shuka chini sana ndipo uanze kuhesabu. Tulihesabu mia moja, dada anataja, mimi naandika nyuma ya bahasha. Hamsini na nane walikuwa na zaidi ya kasoro moja: jina la herufi na tarakimu zisizosomeka, hakuna posti, na wao wenyewe wanafuata maelfu ya watu. Instagram hairuhusu akaunti moja kufuata zaidi ya akaunti 7,500. Ukikuta inayofuata 7,400 huku yenyewe ikifuatwa na 30, hiyo haifuati kwa mapenzi, ipo kazini.

Ila hapa wengi hukosea. Akaunti isiyo na picha wala posti si lazima iwe hewa. Mama yetu mdogo ana picha ya ua waridi, hajaposti kitu tangu ajiunge, na ndiye anayenunua kuliko wote. Nchi hii imejaa wachunguliaji wa namna hiyo. Kasoro moja haitoshi kumhukumu mtu. Mimi nangoja ziwe tatu kwa akaunti moja, na ziwe kwa wengi.

Wafuasi wa kununua ni sehemu moja tu ya mchezo. Sehemu ya pili ni magrupu ya kulaikiana, na haya ni magumu kuyatambua kwa sababu waliomo ni binadamu. Watu ishirini au hamsini wanakusanyika WhatsApp au Telegramu. Kila mwenye posti mpya anatupa kiungo, na kabla hujatupa cha kwako unatakiwa uwe umeshalaiki na kukomenti viungo vya waliotangulia, pengine kumi vya mwisho. Ukikwepa unatolewa. Nipe nikupe tupu.

Dalili yake ni saa. Instagram ikishaonyesha kwamba komenti zina wiki nne huwezi kujua ziliingiaje, kwa hiyo ni lazima umvizie mtu akiposti. Binti yule aliposti saa moja jioni, sisi tukiwa tumekaa kwenye viroba. Dakika nane baadaye komenti zilikuwa 41. Asubuhi dada akanipigia: 44. Posti ya watu wa kweli haiendi hivyo. Inaanza taratibu, inashika moto watu wakipumzika na simu zao usiku, na kesho yake bado wengine wanachelewa kuingia. Kisha tulifungua posti sita za nyuma na kuandika majina. Majina 23 yalikuwa yale yale kwenye zote sita: mpiga picha, kinyozi, muuza vipodozi, mwalimu wa mazoezi. Hakuna hata mmoja mwenye sura ya mtu anayetafuta dera la kuvaa kwenye kitchen pati ya Jumamosi.

Nikamwandikia binti nikimwomba atuonyeshe ukurasa wake wa Insights, penye takwimu za wafuasi wake. Akatuma skrinshoti iliyokatwa juu na chini. Skrinshoti huwa siikubali, maana kubadilisha namba kwenye picha ni kazi ya dakika mbili. Nikamwomba tupigiane video atuonyeshe skrini yake, afungue sehemu ya wafuasi ashuke hadi Top locations. Hapo ndipo uongo huwa na kazi kubwa: anayetangaza nguo Dar es Salaam, halafu miji inayoongoza kwa wafuasi wake iko bara jingine, anakuwa na maswali ya kujibu. Akasema hayo ni mambo yake ya ndani. Sikumlazimisha. Dada hakulipa.

Sasa, wapo watakaosema: hata kama namba ni hewa, si anaonekana mkubwa, na ukubwa huvuta wengine? Nitajibu kwa namna mfumo wenyewe unavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo mnunuzi wa wafuasi anajikaanga kwa mafuta yake.

Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza Januari 2025 mambo matatu yanayopewa uzito mkubwa: watu wanaitazama posti kwa muda gani, wangapi kati ya walioiona wameilaiki, na wangapi kati yao wameituma kwa mwingine. Zingatia hayo maneno "kati ya walioiona". Hakuna mahali idadi ya wafuasi inahesabiwa yenyewe kama yenyewe. Mfuasi hewa aliyelala, asiyefungua simu kabisa, hakupunguzii kitu moja kwa moja. Anakuaibisha tu, maana mtu mwenye macho ataona wafuasi 92,000 na laiki 300. Mwenye madhara ni yule aliye macho, anayelaiki chochote alicholipiwa: leo mpira wa Brazili, kesho dawa za kunenepa, keshokutwa dera lako. Mfumo hujifunza posti yako ni ya nani kwa kuangalia nani kaigusa. Umeufundisha kwamba madera ni ya mtu huyo.

Grupu la kulaikiana linaharibu vile vile, kwa adabu zaidi. Mwanachama anaingia, anagonga moyo, anaandika "Moto", anatoka. Ana viungo vingine tisa vinamsubiri. Video ya sekunde arobaini kaitazama sekunde mbili, na hawezi kumtumia dada yake kwa sababu hata hakuiona. Kwa hiyo laiki zimejaa, ila muda wa kutazama na kutumiana havipo. Na waliogusa ni kinyozi na mwalimu wa mazoezi, basi mfumo unaipeleka kwa wanaofanana nao. Ndiyo maana watu wa magrupu haya hulalamika kwamba posti zao "zinakwama". Zinakwama mlangoni pa grupu.

Zaidi ya hapo ni sheria. Meta, wenye Instagram, wameandika kwenye miongozo yao ya mapendekezo kwamba akaunti iliyojijenga kwa njia za udanganyifu, mfano kununua laiki, wanaweza kuacha kuipendekeza kwa watu wasioifuata. Hali yako unaiona kwenye Account Status ndani ya mipangilio. Na mara kwa mara hufagia: Desemba 2014 walifuta akaunti hewa kwa mkupuo, Justin Bieber akapoteza wafuasi zaidi ya milioni 3 kwa muda mfupi. Yeye alibaki na mamilioni mengine. Mwenye duka la viatu Manzese hatabaki na kitu.

Haya siyatoi vitabuni. Mwaka 2019 nilinunua wafuasi 5,000 kwa ajili ya ukurasa wangu mwenyewe. Nilikuwa na 800 na niliona haya kuwaomba wateja kazi. Waliingia usiku mmoja. Kwa wiki moja nilijiona mtu. Kisha nikalipia tangazo, nikaacha Instagram yenyewe inichagulie watazamaji kwa kuwa ndiyo njia rahisi, na chaguo hilo kazi yake ni kutafuta watu wanaofanana na wafuasi wako. Unaelewa nilichofanya: nililipa hela halali nitafutiwe watu wanaofanana na wale wa kununua. Laiki zilikuja kutoka kwa majina nisiyoweza kuyatamka, na simu haikuita hata mara moja.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Mteja wetu anaogopa kutapeliwa, na kabla ya kutuma hela hutazama namba ya wafuasi. Ukurasa wa watu 200 unamtia wasiwasi. Ni kweli. Lakini matapeli nao wamelijua hilo, hununua kurasa kubwa za zamani na kuzibadilisha majina, na wateja wajanja siku hizi hugonga jina la ukurasa, hufungua About this account, na huangalia ulijiunga lini na chini ya Former usernames umewahi kuitwa majina mangapi. Ukurasa ulioanza kama wa mashairi ya mapenzi, ukawa wa mkeka wa mpira, sasa unauza friji, huo hutumiwi hela. Halafu huangalia picha ulizotagiwa na wateja waliopokea mizigo. Picha kumi na mbili za wanawake wamevaa madera yako hazinunuliki kwa bei ya wafuasi elfu.

Dada mwishowe alimlipa mama mmoja wa Mbagala, wafuasi 6,300, elfu sitini. Alikuja dukani mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akafungua Insights bila kuombwa mara mbili: Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza. Posti yake ilipotoka, komenti ya kwanza ilikuwa "Bei?", ya pili "bei gani jamani", na bei ilikuwa imeandikwa. Wiki ile yaliuzwa madera kumi na moja kupitia kwake. Si utajiri, ila hela ya tangazo ilirudi.

Mimi bado nasafisha. Kati ya wale 5,000 wengi walianguka wenyewe miezi michache ya mwanzo, waliobaki nawatoa kwa mkono, jina moja moja, gusa Remove, thibitisha, nenda kwa anayefuata. Hufanya hivyo umeme ukikatika na sina kazi nyingine. Juzi nilikaribia kumtoa mmoja asiye na picha wala posti, mwenye tarakimu sita kwenye jina. Nikasita, nikafungua ujumbe wa zamani. Alikuwa ameniuliza bei Machi mwaka jana, na sikumjibu.