Homa ya Mtoto Imeenda Wapi?

Kuna hadithi fupi imeninyima raha tangu niisome. Ameiandika kijana mmoja wa hapa Kasulu, kijana mwenye adabu na mkono mzuri wa kuandika. Aliniletea akasema, "Shikamoo mama, naomba unisomee kabla sijaituma." Nimeisoma, nikairudia, na hasira yangu haijapoa, ndiyo maana naandika.

Inamhusu mwanamke wa Kirundi aliyevuka mpaka wa Manyovu kuja kulima vibarua kwenye mashamba ya mihogo. Ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, na mtoto ana homa, leo siku ya tatu. Anamfunga mgongoni, anakwenda naye zahanati. Anachukua kadi, anamwona daktari, anaandikiwa kipimo cha malaria. Mtoto anatobolewa kidole, mama anakaa kwenye benchi kusubiri. Dirisha la maabara linafunguliwa, mkono unatoa kikaratasi, na sauti ya ndani inasema, "Negativu." Mama anapiga vigelegele. Anashukuru kwa Kirundi, anajifunga kanga upya, anampita daktari mlangoni bila hata kumtazama, anatoka getini anacheza. Benchi zima linaangua kicheko. Mwisho wa hadithi.

Mimi nimefanya kazi ya uuguzi kwenye zahanati za vijijini mkoani hapa, kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa la kazi tu: homa ya mtoto imeenda wapi? Aya ya kwanza inatuambia mtoto anachemka siku ya tatu. Aya ya mwisho mama anacheza getini, na mtoto yuleyule yuko mgongoni, bado anachemka. Mwandishi amemsahau. Wote waliocheka kwenye lile benchi wamemsahau. Mtu pekee anayeweza kumkumbuka ni mama yake, na yeye ameambiwa neno ambalo kwake lina maana kwamba safari imekwisha.

Tuangalie hilo neno lilifikaje kwake. Kijana ameandika kana kwamba mama hakulijua, kalisikia tu likamfurahisha. Haiwezekani. Mwanamke aliyezaa juzijuzi, akahudhuria kliniki ya wajawazito iwe Burundi au huku kwetu, amepimwa virusi vya UKIMWI. Kule kwao wahudumu hutumia Kifaransa, na neno kwa Kifaransa linafanana na hili la Kiingereza kiasi kwamba sikio halioni tofauti. Siku ile alipoambiwa negativu, mshauri alimshika mkono, akamweleza kuwa yuko salama, akamruhusu aende nyumbani. Basi yeye analijua neno, na alifundishwa vizuri. Alifundishwa kuwa ukilisikia, umepona hofu, nenda nyumbani.

Kwenye dirisha la malaria neno ni lilelile ila kazi yake ni nyingine kabisa, na hapa ndipo ninapotaka vijana wanaoandika wapaelewe vizuri. Kile kipimo cha haraka kinachukua tone moja dogo la damu. Linawekwa kwenye tundu, zinaongezwa tone za dawa yake, halafu unasubiri dakika 15 hadi 20 kulingana na aina ya kipimo. Damu inatambaa ndani ya karatasi, na karatasi inatafuta kitu kimoja tu, protini inayotokana na vimelea vya malaria. Mstari ukitokea kwenye herufi C, kipimo chenyewe ni kizima. Ukitokea na mwingine kwenye herufi T, protini imeonekana. Ukibaki ule wa C peke yake, haikuonekana. Kipimo hakina la zaidi. Hakisemi mtoto ni mzima. Hakijui kama ana nimonia, kama mkojo una wadudu, kama sikio linatoa usaha. Kwa mtoto mwenye homa, mstari mmoja maana yake ni kwamba tulichokuwa tunakidhania sicho, basi rudi kwa daktari tutafute kingine. Majibu haya yanamtaka mama arudi ndani haraka, naye aliyaelewa kuwa ndiyo ruhusa ya kutoka.

Angerudi ndani, daktari angefanya nini? Angeomba mtoto atulizwe, asiwe analia wala kunyonya, angemfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto aliyetimiza mwaka lakini hajafika mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Aliye chini ya mwaka, kuanzia miezi miwili, ni 50. Angetazama kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa. Angeuliza kama ananyonya, kama anatapika kila anachopewa, kama amepata degedege, kama amelegea hata haamki vizuri. Akikuta kikohozi na pumzi za haraka bila zile dalili za hatari, hiyo ni nimonia inayotibika palepale zahanati. Kwa umri wa mtoto huyu ni amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji, vidonge viwili vya miligramu 250 asubuhi na viwili jioni, kwa siku tano, na mama anaambiwa arudi siku ya tatu, au mapema zaidi mtoto akizidiwa. Dawa yenyewe ilikuwa pengine hatua 20 kutoka pale alipopigia vigelegele.

Sasa ndipo hadithi inapoanza, na kijana ameikata. Mama anafika kibandani shambani. Ana vidonge vya panado alivyopewa na jirani, anampa mtoto kipande. Homa inashuka. Mtoto anatokwa jasho, anacheka kidogo, analala. Mama ana ushahidi wa pili sasa: wamesema mzima, na mwenyewe anamwona mzima. Usiku wa manane panado imeisha nguvu. Mtoto anachemka tena, anakohoa, titi analishika na kuliachia, pua zinapanuka kila anapovuta pumzi. Kama asingekwenda zahanati kabisa, muda huu angekuwa ameshatoka mbio kutafuta pikipiki. Lakini amekwenda, amepimwa, ameambiwa. Basi anatafuta sababu nyingine. Atasema ni meno. Atasema ni baridi ya mlimani. Asubuhi atakwenda shambani naye mgongoni kwa sababu kipande cha kulima hakijaisha na mwenye shamba halipi nusu. Neno moja la dirishani limemnyang'anya mwanamke huyu kitu alichokuwa nacho tangu anazaa, yaani kuyaamini macho yake mwenyewe juu ya mtoto wake. Hilo ndilo jeraha. Nimewaona akina mama wa namna hii wakiletwa siku ya pili au ya tatu, mtoto kifua kinabonyea, na ukimuuliza mbona umechelewa anakujibu kwa upole kabisa, "Nilikuja, mkaniambia hana kitu."

Na kwa nini hakuuliza palepale? Wasomaji wangu wa Kasulu, Buhigwe na Kibondo mnajua. Mtu aliyepita njia za panya, asiye na kibali mfukoni, hasimami dirishani kuuliza maswali. Kila neno la ziada linafichua lafudhi, na lafudhi ikifichuka anaulizwa anatoka wapi. Amejifunza kuitikia "ndiyo" na kuondoka. Ukisikia mhamiaji anaitikia haraka, usihesabu kuwa ameelewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mkoani kwetu lugha haikuwa kikwazo hata kidogo. Kiha na Kirundi ni ndugu wa damu; Muha na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani, na wanafanya hivyo kila siku ya soko. Nusu ya waliokaa kwenye lile benchi wangeweza kumweleza. Hata mwenye mkono wa dirishani, kama ni mzaliwa wa huku, angeweza. Kiswahili chenyewe kingetosha: "Mama, malaria haikuonekana, lakini homa ina sababu yake. Chukua karatasi hii umrudishie daktari sasa hivi." Halafu amwombe mama arudie kwa maneno yake anakwenda wapi. Akijibu "nyumbani", umejua pale pale kuwa hajakuelewa.

Nakubali, ingawa sipendi kukubali, kwamba mtu wa maabara anasoma mambo yake kwa Kiingereza, rejista yake ni ya Kiingereza, na asubuhi ana foleni inayofika hadi chini ya mwembe. Mdomo unatoa kilichoandikwa. Sitaki kijana amgeuze kuwa shetani. Ila foleni haijawahi kuwa sababu ya kutosema sentensi mbili kwa mzazi mwenye mtoto anayechemka.

Jambo jingine ni jina. Hadithi nzima inamwita "Mrundi". Daktari ana jina, mwenye shamba ana jina, mbwa wa getini ana jina.

Nilipomweleza kijana haya alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama basi mtoto afe. Nikamwambia hapana, na nikamwambia kwa ukali. Akimuua mtoto, msomaji atalia na kufunga kitabu akiamini kuwa jambo hili ni la nadra na lina mwisho. Nimonia ikiwahiwa, watoto wengi wanapona. Jirani wa kibanda cha pili, Muha, amsikie mtoto anavyohema, achukue kile kikaratasi kwenye pindo la kanga, amweleze mama kilichoandikwa kwa lugha yake, na warudi wote wawili zahanati asubuhi ileile. Mtoto anywe amoksilini, apone. Kisha kijana aandike ukurasa ambao hajauandika: mvua za masika, mtoto ana homa nyingine, mama amesimama kwenye dirisha lilelile, mkono unatoa karatasi na sauti inasema neno lilelile. Haogopi kuulizwa kibali kuliko anavyoogopa usiku ule. Aandike anachouliza, kwa maneno yake, na aandike anachojibiwa.