Barua ya ukame isiseme "mahindi yamekauka"

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wilayani Kongwa. Msimu uliopita niliandika barua mbili kwa kampuni iliyotukatia bima ya mahindi. Ya kwanza nusura itunyime fidia, ingawa hasara ilikuwa ya kweli. Ya pili ilimrudisha mthamini shambani. Tofauti yake na ile ya kwanza ndiyo ninayotaka makatibu wenzangu waijue kabla mvua hazijawakatikia.

Barua ya kwanza niliiandika Machi 16, nikasema mahindi ya wanachama wetu yote, ekari 118, yamekauka kwa jua na hali ni mbaya sana. Niliyaandika hayo nikiwa nimetoka kuyaona mashamba, na moyo uliniuma. Mthamini alifika Aprili 2. Kufikia siku hiyo mvua ilikuwa imerudi, tangu Machi 12, na mashamba yalikuwa kijani kibichi mpaka barabarani. Alisimama ukingoni, akapiga picha, akaandika kwamba mazao yanaendelea vizuri. Kwa alichokiona pale ukingoni, hakusema uongo.

Hasara ya ukame kwenye mahindi mara nyingi haiko kwenye majani. Wengi wetu tulipanda karibu na Desemba 28, kwa mvua ya kwanza, na mbegu tuliyotumia huchanua baada ya siku kama 60, yaani mwishoni mwa Februari. Mvua ya mwisho ya maana ilinyesha Februari 13. Kuanzia hapo zilipita siku 26, na kipima mvua cha shule ya msingi kilipata milimita 3 tu, tena za siku moja. Mbelewele zilitoka na kumwaga unga wake. Nywele za gunzi, kwa kiu, zikachelewa kutoka, na zilizotoka zikanyauka kabla hazijapata unga. Kila unywele ni punje moja. Usipopata unga, punje hiyo haipo, na hata mvua ya mwezi mzima ikija baadaye haiirudishi. Mvua inachorudisha ni rangi ya majani. Ndiyo maana bua linasimama kijani, limebeba gunzi, ukilimenya unakuta mapengo matupu na punje chache upande mmoja.

Kwa hiyo neno "yamekauka" lilikuwa kosa langu. Lilimtuma mthamini akatafute majani makavu, na asipoyaona akaamini hakuna hasara. Barua ya pili, ya Aprili 6, ilianza hivi:

"Tunatoa taarifa ya hasara ya mahindi iliyosababishwa na ukosefu wa mvua kuanzia Februari 14 hadi Machi 11, wakati mahindi yaliyopandwa kati ya Desemba 26 na Januari 4 yalipokuwa yanachanua. Mashamba yanaonekana kijani kwa sababu mvua imerudi. Tunaomba mthamini aingie ndani ya shamba na kumenya magunzi."

Kisha tukafanya jambo ambalo baadhi ya wanachama walilipinga kwa nguvu kwenye mkutano. Tuliziondoa ekari 37 kwenye madai. Hizo zilipandwa kuanzia Januari 18, kwa hiyo wakati wa jua zilikuwa bado changa. Zilikunja majani mchana, zikavumilia, zikachanua mvua ikiwa imerudi. Wenye mashamba hayo walisema nao wameweka bima kama wengine, kwa nini waachwe? Niliwaelewa. Lakini mthamini akikuta shamba moja lenye magunzi yaliyojaa ndani ya orodha ya walioathirika, orodha nzima inapoteza uzito. Tulibaki na ekari 81, kila shamba na tarehe yake ya kupandwa. Tukaambatanisha nakala ya daftari la mvua iliyosainiwa na afisa ugani. Tulitaja pia shamba moja lililokuwa na viwavijeshi, tukasema palizi ilifanyika mara mbili kila mahali. Usipoyasema hayo wewe, mthamini atayauliza, na jibu la papo kwa papo shambani husikika kama kisingizio.

Tuliomba ziara mbili. Ya kwanza ifanyike ndani ya wiki moja, kuthibitisha kwamba chanzo ni ukame. Ya pili iwe mahindi yakishakomaa, kupima mavuno. Tukaahidi kwamba hakuna atakayevuna wala kuingiza ng'ombe kabla ya vipimo, na tukaomba jibu la maandishi kama wangechelewa, ili tujue ni mistari gani iachwe kwa ajili ya kupimwa na ipi ilishwe mifugo. Huku kwetu bua la mahindi ni chakula cha ng'ombe. Kumwambia mkulima aliyepoteza mavuno aache na malisho yaoze kwa kumsubiri mgeni ni kumwongezea hasara ya pili.

Kipimo chenyewe kilifanyika Aprili 27, na hapa ndipo barua inapaswa kuwa na sentensi moja ambayo nyingi hazina: tunaomba maeneo ya kupimia yachaguliwe kwa bahati nasibu, mwakilishi wa chama akiwepo. Mthamini hupima mraba wa mita 5 kwa 5. Anavuna kila kilichomo, anapukuchua, anapima uzito na unyevu. Ekari moja ina miraba ya namna hiyo kama 162. Mkataba wetu ulitudhamini kilo 600 kwa ekari. Miraba yetu ilitoa wastani wa kilo 1.5, ambayo ni kilo 243 kwa ekari. Pengo ni kilo 357, karibu asilimia 60 ya kilichodhaminiwa, na kwa kiasi cha bima cha shilingi 300,000 kwa ekari, fidia ilikuwa shilingi 178,500.

Sasa chukua mraba mmoja wa bondeni, pale maji yanapotuama. Ule ulitoa kilo 4. Kama ungetumika peke yake, hesabu ingesema kilo 648 kwa ekari, juu ya dhamana, na fidia ingekuwa sifuri kwa wote. Msimu mzima wa watu ungeamuliwa na mahali mtu mmoja alipochomeka vigingi vyake.

Haya yote yanahusu bima inayopima mavuno shambani. Kama mkataba wenu ni wa fahirisi ya mvua, malipo hufuata takwimu za mvua na hakuna mthamini wa kuombwa. Someni hati kwanza.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulikubali, na nitalibishania tutakapohuisha mkataba. Hati yetu inataka taarifa itolewe ndani ya siku 14 tangu tukio. Moto una siku yake, na mvua ya mawe ina saa yake. Ukame hauna. Siku ya tatu bila mvua si tukio, na siku ya kumi bado mkulima anatazama mawingu kwa matumaini. Kampuni ilijaribu kuhesabu tangu Februari 14, ikasema tumechelewa. Tulijibu kwamba hasara haikutokea siku mvua ilipokatika. Ilitokea nywele zilipokauka bila unga, na hilo halionekani mpaka gunzi limenywe, kwetu katikati ya Machi. Walikubali safari hii, kwa barua, bila kubadilisha neno hata moja kwenye hati. Tunataka iandikwe: siku 14 zihesabiwe tangu afisa ugani aliposaini kwamba magunzi hayakushika punje.