Kebo ya siriali haichaguliwi kwa macho

Mafundi wengi hapa Mwanza huishika kebo ya pini tisa, wakaiangalia, wakaamua: jike huku na jike kule, basi hiyo ni krosi. Napinga tabia hiyo. Kebo ya jike kwa jike inaweza kuwa streti, yaani kila pini inaenda kwenye namba yake upande wa pili, na inaweza kuwa krosi, yaani 2 na 3 zimebadilishana, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Ukweli uko kwenye nyaya za ndani, na multimita ya bei ya chini kabisa inautoa kwa dakika mbili.

Chukua mfano wa ruta ya zamani ya MikroTik, zile RouterBOARD zenye mlango wa siriali wa pini tisa, ikiwa imefungwa Nansio, Ukerewe. Ukivuka ziwa na kebo isiyo yake, siku nzima imeliwa na meli kwa sababu ya nyaya mbili tu.

Kompyuta hutuma kwa pini ya 3 na kupokea kwa pini ya 2. Pini ya 5 ni ardhi. Modemu ilitengenezwa kinyume chake, inatuma kwa pini ya 2, ndiyo maana kompyuta na modemu huungwa kwa streti. Ruta hii, kwa upande wake, imepangwa kama kompyuta. Ukiiunga na laptopu kwa streti, mdomo umekutana na mdomo na sikio limekutana na sikio. Hakuna kinachoungua, ila skrini inabaki nyeusi kimya. Inataka krosi, yaani kebo ya nalmodemu: 2 kwenda 3, 3 kwenda 2, 5 kwa 5.

Kama hujui kifaa kimepangwaje, kipime kikiwa kimewashwa. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Waya mweusi uguse pini ya 5, mwekundu uguse ya 2 kisha ya 3. Pini inayotuma, ikiwa imetulia, huonyesha volti hasi, kwa kawaida kati ya 5 na 12 chini ya sifuri. Ile ya kupokea hukaa karibu na sifuri. Hasi ikiwa kwenye 3, tafuta krosi. Ikiwa kwenye 2, kama ilivyo kwa vifaa vingi vilivyopangwa kama modemu, streti inatosha. Ukikuta chanya ya 3.3, simama hapo hapo: huo si mlango wa RS-232, yaani siriali ya kawaida tunayoizungumzia hapa, na volti za adapta yako ya USB kwenda siriali zinaweza kuuua.

Kosa la kawaida katika kupima ni kuhesabu pini vibaya. Ukilitazama dume uso kwa uso, safu ya pini tano ikiwa juu, pini ya 1 iko kushoto. Kwa jike iko kulia. Usipokumbuka hilo, unaishika ya 1 ukidhani ni ya 5, na kila kipimo kinachofuata ni uongo. Matundu ya jike ni membamba kuliko ncha ya multimita, kwa hiyo chomeka mguu uliokatwa wa rezista, kisha uguse huo.

Kebo yenyewe ipime kwa mlio. Tundu la 2 likilia na la 2 upande wa pili, ni streti. Likilia na la 3, ni krosi. Na usiunge kiungio cha krosi kwenye kebo ya krosi: krosi mbili hurudi kuwa streti.

Kabla ya kupanda meli, ithibitishe pia adapta yako ya USB. Unganisha pini zake 2 na 3 kwa kipande cha waya, kisha andika herufi. Zikirudi kwenye skrini, na zikakoma ukitoa waya, adapta ni nzima. Kwenye Linux, ruta hiyo hufunguliwa hivi:

```
picocom -b 115200 -f n /dev/ttyUSB0
```

Yakija maandishi yasiyosomeka, usiiguse kebo, hiyo imeshafanya kazi yake. Kasi ndiyo imekosewa, jaribu 9600. Maandishi yakija safi lakini ukiandika hakuna kinachoingia, na unatumia `minicom`, angalia `Hardware Flow Control`. Huanza ikiwa `Yes`, na kebo ya nyaya tatu haina waya wa kuijibu, hivyo laptopu inangoja ruhusa isiyofika. Iweke `No`.

Kuna programu za zamani zisizokubali kuzimiwa hilo. Kwa hizo, chomea krosi ya nyaya tatu, kisha ndani ya kila plagi unganisha 7 na 8 pamoja, na 1, 4 na 6 pamoja. Kila upande utajipa ruhusa wenyewe. Ila ruhusa hiyo haitoki upande wa pili, hivyo kifaa chenye kumbukumbu ndogo kikimiminiwa data nyingi kwa mkupuo kitapoteza herufi, kwa hiyo faili la mipangilio libandike vipande vipande.