Onyo la dawa lisitafsiriwe kwa upole

Kotrimoksazoli, ile ambayo wengi wetu tunaiita Septrini, ina onyo moja kwenye karatasi yake ya maelezo ambalo ningempa kila anayetaka kutafsiri maandishi ya dawa. Onyo lenyewe linahusu ngozi. Linasema kwamba watumiaji wengine wamepata magonjwa ya ngozi yanayoweza kuua, yaani ugonjwa wa Stevens-Johnson na ule mkubwa zaidi ambao ngozi hubanduka mwili mzima. Huanza na madoa mekundu ya mviringo kiwiliwilini, mara nyingi yakiwa na lengelenge katikati. Kunaweza kuwa na vidonda mdomoni, kooni, puani na sehemu za siri, macho yakawa mekundu na kuvimba, na mgonjwa akahisi homa na maumivu ya mwili kama mwenye mafua. Hatari ni kubwa zaidi wiki za mwanzo. Anayeona dalili hizi aache dawa, atafute daktari kwa dharura na amtajie dawa aliyokuwa akimeza. Aliyewahi kuugua hivyo kwa sababu ya dawa hii asirudishiwe tena wakati wowote.

Sasa tuweke mbele yetu tafsiri ya namna hii: "Kwa nadra, dawa hii inaweza kuleta vipele na kuchubuka kwa ngozi. Ukiona mabadiliko haya ni vyema umwone daktari mara moja. Haishauriwi kutumia tena dawa hii."

Kiswahili chake ni safi. Mhariri wa lugha ataipitisha bila kugusa nukta. Lakini msomaji aliyeamka na madoa kifuani atajikuna, atapaka mafuta na kumeza dozi ya jioni kama kawaida, kwa sababu hakuna neno hata moja hapo lililomtisha. Kazi ya onyo hili ni kumtisha kwa kiasi kinachostahili.

Tuanze na vipele. Neno hili kwa wasikilizaji wengi ni vile vidogo vya joto, vya ndevu, au vya mtoto aliyebadilishiwa sabuni. Kuchubuka nako ni kwa goti la mtoto aliyeanguka. Kinachoelezwa kwenye onyo ni madoa na malengelenge, kisha ngozi kubanduka, yaani tabaka la juu kuachana na la chini na kutoka kama la mtu aliyeungua moto. Ikibanduka chini ya asilimia 10 ya ngozi ya mwili, madaktari huuita ugonjwa wa Stevens-Johnson; ikizidi asilimia 30, ndio ule mkubwa, na huo huua takriban mgonjwa 1 kati ya 3. Maneno mazito ya kueleza haya yote tunayo tayari, wala hayahitaji kubuniwa. Mfasiri huyakwepa kwa sababu yanamkera yeye mwenyewe anapoyaandika.

Sehemu za siri, kwa upande mwingine, ni tafsida isiyo na madhara. Kila mtu anajua zinazosemwa ni zipi, na hakuna hatari iliyopunguzwa. Kwa hiyo sisemi tuvue heshima yote kwenye karatasi ya dawa. Kipimo changu ni kimoja: je, msomaji bado anaelewa kitakachompata na anachotakiwa kufanya? Kwa kipimo hicho hicho, "kusababisha kifo" ibaki kusababisha kifo. "Kuleta matatizo makubwa ya kiafya" haitoshi, maana tatizo kubwa la kiafya laweza kuwa kisukari cha miaka 20.

Halafu kuna jambo ambalo hata wafasiri wazoefu hulichanganya. Wataalamu wa usalama wa dawa hutenganisha ukali na uzito. Ukali ni kiasi cha dalili: kichwa kinauma kidogo, wastani, au sana. Uzito ni matokeo: tukio la dawa ni zito likiua, likihatarisha maisha, likimlaza mtu hospitali au kumrefushia kulazwa, likimwachia ulemavu, au mtoto akizaliwa na kasoro. Kichwa kinaweza kuuma vikali mno bila kuwa jambo zito; utapumzika na kitapoa. Kidonda kimoja mdomoni siku ya kumi ya kumeza kotrimoksazoli, pamoja na homa, si kikali hata kidogo, lakini kinaweza kuwa mwanzo wa jambo zito kabisa. Anayeandika "madhara makali" pande zote mbili anamfundisha msomaji asubiri maumivu yazidi ndipo ashtuke. Mimi huandika "makali" kwa kiasi cha dalili na "ya hatari" kwa matokeo, na sibadilishi katikati ya karatasi ili kupamba lugha. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno ni umaskini. Kwenye karatasi ya dawa, neno likibadilika msomaji hudhani na jambo limebadilika.

Kichwa cha sehemu ya madhara kwenye karatasi nacho kina historia yake. Tanzania, kwenye huduma za uzazi wa mpango, tumezoea kusema "maudhi madogo madogo": kichefuchefu, matone ya damu, kuongezeka uzito. Kwa mambo hayo msemo unafaa, japo mtu anayevuja damu wiki mbili angekuwa na la kusema. Ukiuhamishia kwenye kotrimoksazoli na kuuweka juu ya orodha inayoishia kwenye kifo, kichwa kimeshajibu swali kabla msomaji hajasoma. "Madhara yanayoweza kutokea" inatosha, tena haiongezi chumvi.

Mtego mwingine ni "ya kawaida". Karatasi nyingi hupanga madhara kwa idadi ya watu wanaoyapata. Yale yanayompata zaidi ya mtu 1 kati ya 10 hukaa juu; chini yake huja yanayompata hadi mtu 1 kati ya 10, kisha hadi 1 kati ya 100, kisha hadi 1 kati ya 1,000. Mwisho huja yanayompata hata chini ya mtu 1 kati ya 10,000, na huko ndiko ugonjwa wa Stevens-Johnson hukaa kwa dawa hii. Kundi la juu likiitwa "madhara ya kawaida", msomaji huelewa kwamba ni jambo la kawaida tu, usijali. Kundi la chini likiitwa "hutokea mara chache", anaweza kuelewa kwamba yeye mwenyewe yatampata mara moja au mbili kisha yaishe. Maneno yote mawili yanahesabu kitu kisichotakiwa. Kinachohesabiwa ni watu. Andika "huwapata watu wengi" na "huwapata watu wachache sana", halafu uweke namba pale pale.

Namba hiyo pia ndiyo jibu langu kwa hoja ninayoisikia kila mara, kwamba tukitafsiri kwa ukali mgonjwa ataacha dawa. Hoja hiyo ina msingi. Watu wengi wanaoishi na VVU hupewa kotrimoksazoli kila siku ya kuwakinga na nimonia na maambukizi mengine, na akiacha kwa hofu tupu anaweza kufa kwa alichokuwa anakingwa nacho. Lakini kulainisha neno hakumwambii kwamba hatari ni ndogo. Humwambia kwamba ugonjwa ni mdogo, na huo ni uongo. Ukimwambia kwamba unaweza kuua, na kwamba kwa kawaida humpata chini ya mtu 1 kati ya 10,000, ana vitu viwili vya kweli vya kupima. Kwa watu wenye VVU kiwango huwa juu kuliko hicho, jambo ambalo mtoa dawa anapaswa kulisema kwa mdomo.

Tufike kwenye amri. "Ni vyema", "inashauriwa" na "haishauriwi" ni lugha ya nasaha. Karatasi ya dawa ina ngazi zake: usitumie kabisa, zungumza na daktari kabla ya kutumia, kuwa mwangalifu. Kila ngazi inahitaji kitenzi chake, na ya juu kabisa ni katazo tupu: "Usitumie." Anayeona hiyo ni kukosa adabu kwa mtu mzima akumbuke kwamba kibao cha umeme nacho husema "Hatari, usiguse", na hakuna mzee aliyelalamika.

"Umwone daktari mara moja" ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Kwenye karatasi hiyo hiyo, mistari michache juu, "mara moja kwa siku" inamaanisha dozi moja. Msomaji wa haraka anaweza kuchukua kwamba aende hospitali safari moja, siku atakayopata nafasi. "Nenda hospitali leo hii, usisubiri kesho" haina njia ya pili ya kusomwa. "Usitumie tena" nayo ina upande wake: mgonjwa huielewa kuwa asiendelee kwa sasa. Akipona, baada ya miezi 6 anakohoa, duka la dawa linamuuzia kotrimoksazoli yenye jina jingine la kibiashara, anameza. Safari ya pili ugonjwa unaweza kuja upesi na kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana onyo lazima liseme "hata baada ya kupona" na kutaja viambato, salfamethoksazoli na trimethoprimu, ili mtu aweze kusema dukani kwamba dawa za salfa zilimdhuru, SP ya malaria ikiwemo.

Kwa hiyo ningeandika hivi: "Acha kumeza dawa hii na uende hospitali leo hii ukiona madoa mekundu ya mviringo, malengelenge au ngozi kubanduka, au ukipata vidonda mdomoni, kooni, puani au sehemu za siri, au macho mekundu yaliyovimba. Mara nyingi dalili hizi huja pamoja na homa na mwili kuuma kama mafua. Ugonjwa huu unaweza kusababisha kifo. Mwambie daktari kwamba unatumia kotrimoksazoli. Ukishaupata kwa sababu ya dawa hii, usiimeze tena kamwe, hata baada ya kupona."

Limebaki neno "mekundu". Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo huweza kuonekana ya zambarau, ya kahawia au meusi kuliko ngozi ya pembeni. Mfasiri hana mamlaka ya kuongeza hilo kimya kimya, kwa sababu maandishi yameidhinishwa na mamlaka ya dawa. Anachoweza ni kuiandikia kampuni yenye dawa ili iombe mabadiliko, na kuhifadhi barua hiyo.

Njia iliyozoeleka ya kukagua ni kumpa mtu mwingine tafsiri airudishe Kiingereza. Kwa makosa haya haisaidii sana: mrudishaji ni msomi wa dawa, akikuta "mara moja" anajua ilikusudiwa dharura na anaiandika hivyo, kosa likabaki limejificha. Ulaya karatasi hujaribiwa kwa wasomaji wa kawaida, kwa kawaida watu 20 katika awamu mbili, wakiulizwa watafute habari kisha waieleze kwa maneno yao. Hata watu 10 kwenye foleni ya kliniki wangetosha kuanzia. Usiwaulize kama wameelewa, maana watasema ndiyo kwa heshima. Uliza: "Umeamka na malengelenge kifuani na homa. Vidonge vya leo utavifanyaje? Utaenda wapi, na lini?" Anayejibu "wiki ijayo nikienda kuchukua dawa" amekuonyesha sentensi ya kurekebisha.