Tenda imetoka, saiti imezungushiwa mabati: je, ajira zipo kweli?

Kuna kundi linasema kusubiri tangazo la kazi ni kuchelewa, we angalia nani kashinda tenda, angalia wapi wamezungushia mabati, peleka CV mapema kabla wenzio hawajashtuka. Kundi lingine linasema hiyo ni kupiga ramli, utamaliza nauli na viatu bure. Kwa upande wa ujenzi naona wote wana pointi. Kazi mara nyingi kweli inakuja, shida ni kwamba watu wanakosea nani ataajiri na lini.

Wanaounga mkono wana msingi mzuri tu. Kontrakta hawezi kulipa mafundi mia wakae wanasubiri mradi, mishahara ingemmaliza, kwahiyo anabaki na watu wachache wa kudumu halafu anaongeza akipata kazi. Na nafasi nyingi za saiti hazitangazwi popote, fomeni anashika simu anaita watu anaowajua, wao wanaita wenzao, wiki haijaisha nafasi zimejaa. Ukingojea tangazo utangoja sana. Mshindi wa tenda ya serikali kwa kawaida anatangazwa, tena hata miradi binafsi huwa na bango getini, limeandikwa mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi mshauri, mara nyingine na tarehe ya kuanza na kumaliza. Ni taarifa ya bure ambayo wengi wanaipita tu.

Sasa upande wa pili. Kutangazwa mshindi sio kuanza kazi. Kwenye miradi ya fedha za Benki ya Dunia, kwa mfano, kwa kawaida lazima zipite siku 10 za kazi baada ya taarifa ya kusudio la kutoa tuzo, yaani kumpa mshindi mkataba, ili walioshindwa waweze kulalamika, na lalamiko likiingia mambo yanaweza kusimama. Mikataba mingi mikubwa inafuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na pale mkandarasi ana siku 28 za kuleta dhamana ya utekelezaji toka apokee barua ya tuzo, na kazi inatakiwa ianze ndani ya siku 42 kama mkataba haujasema vingine. Hapo tunaongelea mambo yakienda sawa. Malipo ya awali yakichelewa au eneo lina mgogoro wa ardhi basi unaona mabati yamesimama miezi minne ndani kuna mlinzi na majani.

Chukulia jengo la hospitali la ghorofa nne, mkataba wa miezi 18, mfano tu. Mtu anaona bango, anakimbilia makao makuu ya kontrakta na CV ya uinjinia. Pale amechelewa, tena sana, maana meneja mradi na injinia mkuu wa saiti CV zao zilishawekwa kwenye zabuni yenyewe, ni sehemu ya vitu vilivyoangaliwa kwenye tathmini, na kuwabadilisha kunahitaji ruhusa ya mwenye mradi. Nafasi anazoweza kupata ni zile za chini yao, injinia msaidizi, fundi sanifu, msaidizi wa savea, na hizo mara nyingi anaamua meneja mradi akiwa palepale saiti.

Miezi miwili ya kwanza watu ni wachache mno. Savea, opereta wa mtambo, dereva, stoo kipa, walinzi, vibarua kidogo wa kusafisha eneo. Anayepita wakati huo anasema hawa hawaajiri, anaondoka, ndo kosa. Msingi ukianza ndo wanatakiwa mafundi nondo, maseremala wa kufunga mbao za zege na saidia fundi kwa wingi, na wimbi hilo linaendelea mpaka slabu ya mwisho imwagwe.

Wengi wanadhani fundi umeme anahitajika kuta zikishasimama, kumbe mabomba ya kupitishia waya yanalazwa kwenye nondo za slabu kabla zege halijamwagwa, kwahiyo sabkontrakta wa umeme anaingia mapema, na watu wachache mwanzoni. Ukiona wanafunga nondo za slabu ya kwanza we fundi umeme hapo ndo pa kuuliza. Na usiulize kama kuna kazi, mlinzi atakujibu hakuna, kashazoea. Muulize stoo kipa au fomeni, "Kaka, umeme humu anafanya nani?" Jina atakalokutajia huenda halipo kabisa kwenye bango, na ndo mwajiri wako. Vivyo hivyo kwa bomba, lifti, alminiamu, dari, vigae. Jina kubwa la juu lenyewe huenda limeajiri watu wachache kuliko hao wadogo wote kwa pamoja.

Kuna hoja moja ya wanaopinga ambayo naipa uzito kweli. Kontrakta anaweza kushinda tenda kubwa asiajiri hata mtu mpya, kwa sababu anamaliza saiti nyingine na anahamisha kikosi chote. Hii inapimika kidogo. Tafuta mradi wake mwingine, angalia umefikia wapi. Kama kule wanapiga rangi na huku wanachimba msingi, mafundi wake wa zege wanaweza kuwa wamekaa bila kazi, watahamia huku. Kama kule bado wako katikati ya zege halafu kapata na huku, hapo hana jinsi, ataongeza watu. Mimi naiamini ishara hii kuliko ukubwa wa tenda unaosomwa kwenye magazeti.

Na sio kila tenda ina ajira ndani yake. Ya kuleta vifaa inaisha na makontena bandarini, labda fundi wawili wa kufunga. Mkataba wa bei, ule wa kuagiza kadiri ya mahitaji, unaweza kusainiwa na isije oda hata moja. Ya ulinzi au usafi, aliyeshinda mara nyingi anawachukua walewale waliokuwepo, wanabadilishiwa sare tu.

Halafu kuna hospitali yenyewe, maana wauguzi na watu wa maabara nao wanaliangalia jengo. Wa kwao sio kontrakta, ni mwenye jengo, na kama ni binafsi wakuu wa vitengo wanatafutwa miezi kadhaa kabla ya kufungua, wengine karibu na mwisho vifaa vikishaanza kufungwa. Kama ni ya serikali basi jengo peke yake halikuambii sana, kwa sababu pesa ya kujenga na pesa ya mishahara kwa kawaida ni mafungu tofauti, jengo linaweza kukamilika likakaa limefungwa kwa kuwa kibali cha ajira hakijatoka. Hapo angalia bajeti ya watumishi, achana na bango.

Kwa hiyo kwa fundi na kijana wa uinjinia au ufundi sanifu, nasema afuatilie, inalipa. Kwa mhasibu au mtu wa utawala sioni faida kubwa, ofisi kuu haikui kwa mradi mmoja, labda kampuni ishinde kadhaa kwa mpigo au ifungue tawi sehemu mpya. Ila wote wajue matapeli nao wanasoma matangazo ya tenda, wanachukua jina la mshindi wanatuma meseji za ajira na kudai hela ya fomu au ya kupimwa afya. Ukipata meseji ya hivyo nenda getini ukamuulize fomeni anayeandikisha watu ni nani.